Aya Moja ya Taswira na Toni: Mwongozo kwa Walimu wa Fasihi ya Sekondari

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa Kiswahili wanaofundisha ushairi katika kidato cha tatu na cha nne, na wale wanaosahihisha mitihani ya majaribio ya shule. Unashughulikia swali la aina moja tu: lile linalompa mwanafunzi shairi fupi asilowahi kuliona na kumtaka aeleze, kwa aya moja, jinsi taswira zinavyojenga toni. Wanafunzi wengi hulijibu kama maswali mawili yaliyoandikwa pamoja. Kwanza huorodhesha taswira, kisha hutaja toni, na kati ya hayo mawili hapana uzi wowote. Msahihishaji huona istilahi sahihi, mifano sahihi, hata toni sahihi, lakini jibu halipo. Jibu ni ule uzi wenyewe, yaani namna picha fulani, kwa maneno fulani, inavyotufanya tusikie msimamo fulani katika sauti ya anayesema.

Shairi la mazoezi

Shairi lifuatalo limetungwa kwa ajili ya mwongozo huu, ili pasiwe na mwanafunzi aliyekwisha kusoma uchambuzi wake mahali pengine.

Mashua ya baba yangu, imelala mchangani,
Mbavu wazi kwa ukungu, kaa wamejenga ndani,
Tanga lavuja mawingu, laning'inia kambani,
Bahari yaita jina, nami naziba sikio.

Alinipa mkononi, kamba na njia za nyota,
Nikavitupa njiani, taa za mji zavuta,
Leo narejea pwani, vidole vyangu vyasita,
Bahari yaita jina, nami naziba sikio.

Swali: *Eleza jinsi mshairi alivyotumia taswira kujenga toni ya shairi hili. Jibu kwa aya moja. (alama 6)*

Karatasi ya Fasihi ya KCSE, yaani 102/3, ina alama 80 na hufanywa kwa saa mbili na nusu. Kila alama basi ina muda usiozidi dakika mbili. Swali la alama sita linastahili takriban dakika kumi na moja, kusoma na kuandika pamoja. Muda huo unatosha taswira mbili au tatu zilizoelezwa kikamilifu. Hautoshi taswira sita, na mwanafunzi anayejaribu kuzimaliza zote huishia kuzitaja tu.

Jibu linalokuja mara nyingi

Lifuatalo ni jibu la kubuni, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha ushairi atalitambua:

*Shairi hili lina taswira nyingi. Kuna taswira ya mashua, bahari, nyota na mji. Mshairi pia ametumia tashihisi, kwa mfano "bahari yaita jina". Shairi ni tarbia kwa kuwa lina mishororo minne katika kila ubeti. Toni ya shairi ni ya huzuni kwa sababu mshairi ana huzuni baada ya baba yake kufariki. Shairi linatufundisha kuwaheshimu wazazi wetu.*

Sentensi kuhusu tarbia ni kweli, lakini haihusiani na swali. Inatokana na mazoea ya darasani. Tangu Amri Abedi achapishe *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, arudhi imekuwa mlango ambao wengi wetu tuliingilia ushairi, na mwanafunzi anapobanwa hurejea kwenye kile alichokariri. Mafunzo mwishoni nayo ni majibu ya swali la dhamira, ambalo hakuulizwa. Makosa hayo mawili hurekebishika kwa kumzoeza kupigia mstari maneno ya swali kabla ya kushika kalamu.

Kosa linalohitaji kazi zaidi ni lile la toni: "huzuni kwa sababu mshairi ana huzuni". Sababu hapa ni dai lenyewe lililorudiwa. Mwanafunzi amehisi jambo la kweli, ila hajaonyesha ni neno gani lililompa hisia hiyo. Tena amechanganya watu wawili. Anayesema ndani ya shairi ni nafsineni. Mtunzi anaweza kuwa mtu wa bara asiyewahi kupanda mashua, na wala hatujui ana huzuni au hana. Toni ni msimamo wa nafsineni kuhusu jambo analolisema na anayemwambia, kama unavyosikika katika uteuzi wake wa maneno. Tusichanganye msimamo huo na hisia anazobaki nazo msomaji: nafsineni anaweza kusema kwa kejeli na msomaji akalia.

Lipo kosa jingine ambalo wasahihishaji wengi huliachilia: "baba yake kufariki". Someni tena beti zote mbili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba baba amekufa. Mashua imeachwa, kaa wamehamia ndani, tanga limetoboka. Mwenye mashua huenda amefariki, huenda amezeeka au ameugua, na huenda aliacha bahari alipokosa wa kumrithi. Mwanafunzi ana haki ya kukisia kifo, mradi aandike "huenda" na aonyeshe kilichompeleka huko. Akikiandika kama habari iliyotolewa na shairi, amejenga juu ya msingi asiokuwa nao, na kila anachosema baadaye kuhusu huzuni kitaegemea jambo ambalo halimo. Katika shairi hili kosa hilo lina gharama kubwa, kwa sababu linamzuia kuona huzuni ya nafsineni inatoka wapi hasa.

Kutoka kwenye neno hadi kwenye sauti

Usomaji wa kwanza uwe wa sauti, bila kalamu. Waeleze wanafunzi wa bara maana za maneno wasiyoyajua, kwamba tanga ni kitambaa kinachopokea upepo na mashua ni chombo cha mbao kilichoungwa kwa misumari, kisha unyamaze. Ukiwaeleza pia picha inamaanisha nini, umewafanyia kazi waliyotakiwa kuifanya.

Usomaji wa pili ndio wa kalamu, na hapo swali la kuwafundisha ni hili moja: mshairi angeweza kusema nini badala yake? Chukua "imelala". Mashua iliyoachwa ingeweza kuwa "imetupwa", "imeoza" au "imekwama". Kila kimoja cha vitenzi hivyo kina mizani nne kama "imelala", kwa hiyo mizani siyo iliyomlazimisha mtunzi. Alichagua kitenzi cha mtu. Kulala ni kupumzika, au kuugua, au kufa kwa lugha ya heshima, na vyote vitatu viko ndani ya neno hilo kwa pamoja. Mara baada yake linakuja "mbavu". Mafundi wa vyombo huziita mbao zile za ndani mataruma, na msomaji wa pwani anajua hivyo. Nafsineni, aliyelelewa na mwenye mashua, bila shaka angelijua jina hilo. Anaposema mbavu, anaona mwili. Mwili huo uko wazi kwa ukungu, yaani haukufunikwa.

Hapo mwanafunzi ana kitu cha kusema kuhusu toni bila kukisia: nafsineni anaizungumzia mashua kwa namna ambayo mtu humzungumzia mgonjwa au marehemu aliyeachwa bila shuka. Huzuni imethibitishwa kwa maneno mawili. Taswira ya tanga inaongeza jambo dogo lakini zuri. Kwa kawaida chombo huvuja maji. Hapa tanga linavuja mawingu, maana limetoboka hata mawingu yanaonekana kupitia matundu yake. Kitu kilichotengenezwa kushika upepo hakishiki tena chochote. Mwanafunzi mwenye muda anaweza kuitumia, ila taswira ya mwili inabeba uzito zaidi, na mwanafunzi anapaswa kujifunza kuacha kitu kizuri akiwa na kilicho bora.

Sasa ubeti wa pili. Kitenzi cha kukazia macho ni "nikavitupa". Kamba na njia za nyota hazikupotea, hazikuibwa, wala hakuzisahau. Alizitupa mwenyewe, njiani, akielekea mjini. Tangu neno hilo, huzuni ya ubeti wa kwanza haiwezi kubaki ilivyokuwa. Tulidhani tunamsikia mtu aliyepatwa na msiba. Kumbe tunamsikia mtu aliyechangia kuuleta. Neno sahihi kwa sauti hiyo ni majuto. Wanafunzi wanapaswa kuwa na maneno ya kutosha ndani ya eneo moja la hisia. Mwanafunzi akijua "huzuni" peke yake ataitumia kwa shairi la yatima, la mpenzi aliyeachwa na la mtoto aliyemkosea baba, ilhali sauti za watu hao watatu hazifanani. Ukiwa ni wa aliyebaki peke yake. Uchungu huwa na jeraha. Kukata tamaa kunatazama mbele na kuona giza. Majuto yanatazama nyuma na kuona kosa la mwenyewe. Kipimo cha majuto ni rahisi: mwanafunzi aonyeshe kitendo ambacho nafsineni alikifanya na sasa anakionea uchungu. Asipokiona, achague neno jingine.

Zaidi ya kitenzi hicho kuna mianga miwili iliyowekwa karibu: nyota na taa. Baba alitoa njia za nyota, maarifa ya kuongoza chombo usiku. Mji ulikuwa na taa, nazo "zavuta". Nyota humwongoza anayejua kuzisoma. Taa za mji hazihitaji ujuzi wowote, zinavuta tu. Hapa taswira zote mbili ni za macho, na kuziita taswira mwono ni sahihi, lakini jina hilo halina alama mpaka lifuatwe na maelezo ya tofauti kati yao. Kwa "vidole vyangu vyasita" tunatoka machoni na kuingia mguso. Mkono uliopewa kamba katika mshororo wa kwanza wa ubeti ndio unaosita katika mshororo wa tatu. Mshairi hakutuambia kinachotaka kushikwa. Inatosha kwamba vidole havithubutu.

Kisha linarudi "Bahari yaita jina, nami naziba sikio". Mwanafunzi akifika hapa ataandika kwamba kibwagizo kimerudiwa kwa msisitizo. Sentensi hiyo imo katika kila daftari la ushairi, na kwa shairi hili inaficha jambo lenye thamani kuliko yote. Maneno hayakubadilika hata silabi moja, ila toni imebadilika, kwa sababu sasa tunajua habari tuliyokuwa hatuijui. Mara ya kwanza, anayeziba sikio ni mtu anayekwepa kumbukumbu inayouma. Mara ya pili ni mtu mwenye aibu, anayeitwa na hana la kujibu. Tena "naziba" ni kitendo cha sasa na cha hiari, kama kile cha kutupa. Na jina linaloitwa ni la nani? La baba, au la mwana anayetakiwa achukue nafasi yake? Shairi halisemi. Mwanafunzi anayeliona pengo hilo na kuliandika kama pengo ameonyesha usomaji makini; asilazimishwe kulijaza.

Kuandika aya yenyewe

Sentensi ya kwanza itoe dai kamili: taswira gani, toni gani, na kama toni inageuka, inageukia wapi. "Shairi hili lina taswira nyingi" siyo dai, kwa kuwa hakuna anayeweza kulipinga. Baada ya dai, kila dondoo iwe fupi, neno moja hadi manne, na ishonwe ndani ya sentensi ya mwanafunzi mwenyewe. Anayenakili mshororo mzima amemwachia msahihishaji kazi ya kutafuta neno linalohusika. Kila dondoo ifuatwe mara moja na maelezo ya inachokifanya kwa sauti ya nafsineni, kabla ya kuruka kwenye dondoo nyingine. Hivi ndivyo jibu la kiwango cha juu linavyoweza kusomeka:

*Mshairi anatumia taswira ya mashua iliyoachwa kujenga toni ya huzuni, ambayo katika ubeti wa pili inageuka kuwa majuto. Mwanzoni mashua inachorwa kama mwili wa mtu: "imelala", na "mbavu" zake ziko wazi kwa ukungu. Maneno haya yanaifanya ifanane na mgonjwa au marehemu asiye na wa kumfunika, kwa hiyo nafsineni anasikika akimhuzunikia mwenye mashua na siyo mbao tu. Ubeti wa pili unafichua sehemu yake katika hali hiyo. Alipewa "njia za nyota" lakini akavutwa na "taa za mji". Nyota zinaongoza ilhali taa zinavuta tu, na kuziweka pamoja kunaonyesha kwamba sasa anatambua alichokiacha kilikuwa bora. Kitenzi "nikavitupa" kinaiweka lawama mikononi mwake mwenyewe, na mikono hiyo ndiyo ambayo vidole vyake "vyasita" anaporudi pwani. Kwa sababu hiyo kibwagizo hakisikiki kama mwanzo. "Naziba sikio" katika ubeti wa kwanza ni kukwepa kumbukumbu chungu, lakini katika ubeti wa pili ni aibu ya mtu anayeitwa na asiyeweza kujibu.*

Aya hii haikutaja tashihisi, na haikupoteza chochote. Ingeweza kuitaja kwa faida kama ingeeleza kwamba kuipa bahari uwezo wa kuita kunamfanya nafsineni awe na mtu wa kumkwepa. Haikutaja kaa wala tanga. Haikumaliza kwa fundisho, na iliishia pale hoja ya mwisho ilipothibitishwa.

Kusahihisha

Kwa alama sita, ninapendekeza moja kwa dai linaloitaja toni kwa neno linalofaa, mbili kwa taswira mbili zenye dondoo sahihi, mbili kwa maelezo yanayofunga kila taswira na toni, na moja kwa kuonyesha mgeuko kati ya beti. Mgawanyo huu una makusudi: anayeorodhesha taswira na kutaja huzuni hawezi kuvuka alama tatu, hata akiandika ukurasa mzima. Mwenye taswira mbili zilizoelezwa vizuri lakini asiyeona mgeuko anapata tano, na anazistahili.

Ugumu huja kwa majibu yasiyofanana na la mwongozo. Mwanafunzi anaweza kusema toni ni ya woga, akitumia vidole vinavyosita na sikio linalozibwa. Hilo lipewe alama kamili ya dai, kwa sababu ushahidi upo na unaelekea huko. Mwingine akisema ni toni ya ukiwa, atazame "kaa wamejenga ndani": viumbe wengine wamefanya makao pale ambapo baba alikuwa, na nafsineni anasimama nje. Hiyo nayo inakubalika. Akisema ni kejeli, muulize ni neno gani linalomdhihaki nani. Hatalipata, kwa hiyo dai halisimami. Akisema ni matumaini kwa sababu nafsineni amerejea pwani, amesoma nusu ya mshororo tu. Kurejea kupo, lakini nusu ya pili ni vidole vinavyosita, na toni husikika katika mshororo mzima.

Maoni unayoandika pembeni yawe ya jibu hilo. "Eleza zaidi" hayamsaidii mwanafunzi, maana angejua cha kueleza angekieleza. Mahali palipo na toni isiyo na ushahidi, andika "neno gani limekuambia?" na upige mstari chini ya dai. Palipo na dondoo isiyo na maelezo, andika neno mbadala na umtake aseme tofauti, kwa mfano: "mbona hakusema *imetupwa*?" Kisha mrudishie karatasi aandike upya sentensi hiyo moja, siyo aya nzima, na uisome akiwa bado amesimama mezani pako.